Kredi yenye doa Marekani: wanaouza sabuni isiyosafisha, na njia ambayo hailipishwi

Lubumbashi – Kijana mmoja wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikosa kulipa minervali yake kwa wakati katika mwaka wa masomo uliopita. Si kwamba dada yake aliye Marekani alimsahau. Kila mwezi alimpigia simu, akamsalimia, akamuuliza habari za mama, kisha akamwambia: “Vumilia kidogo, mdogo wangu. Natengeneza kredi kwanza. Kredi ikikaa sawa, nitakutumia yote kwa mara moja.”

Kijana hakuelewa. Kwa akili yake, kredi ni deni la duka la mtaani: unachukua unga na mafuta, muuzaji anaandika katika daftari lake, mwisho wa mwezi unalipa na jina lako linafutwa kwa kalamu. Ni kitu gani hapo cha kutengeneza? Na kwa nini kukitengeneza kulimeza dola 941, pesa ambazo zingemaliza shida yake ya shule na kubaki?

Swali hilo linazihusu familia nyingi za mashariki mwa Congo. Kwa zaidi ya miaka kumi Wacongo wamekuwa kati ya wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, na wengi wao walipitia makambi ya Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda, ambako Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Huko waliko, jambo la kredi linaamua kama mtu atapata nyumba ya kupanga, gari la kwendea kazini, au mkopo wa kununua nyumba yake. Pale palipo na hofu, hapakosi mtu wa kuuza dawa.

Tulizungumza na dada huyo kwa WhatsApp kwa jioni tatu. Jina lake tunalihifadhi, kama alivyoomba. Alizaliwa Fizi, akalelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na aliingia Marekani mwaka 2017. Anaishi Louisville, jimbo la Kentucky, na anafanya kazi ya usiku katika gala la kufunga bidhaa. Alitusomea karatasi zake moja moja. Mambo yaliyomo yanaonyesha vizuri nini kinaweza kufutwa, nini hakifutiki, na kwa nini aliyemlipa hakumpa kitu.

Daftari tatu, si moja

Kwetu, uaminifu wa mtu katika deni unajulikana kwa majirani. Katika likelemba au katika AVEC, wanachama wanakaa duara, kila mmoja anamjua mwenzake, na mtu akichelewa kulipa anaeleza mbele ya wote. Marekani kazi hiyo inafanywa na kampuni tatu binafsi: Equifax, Experian na TransUnion. Banki, wauza magari kwa mkopo, wenye kadi za mkopo na kampuni za kukusanya madeni wanazipelekea habari za kila mteja, kwa kawaida mara moja kwa mwezi: amelipa, amechelewa siku 30, amechelewa siku 60, ameacha kabisa kulipa.

Habari hizo ndizo zinaitwa ripoti ya kredi. Kutoka katika ripoti hiyo, mashine inakokotoa alama kati ya 300 na 850. Mwenye alama 750 anapata mkopo wa gari kwa riba ndogo. Mwenye 540 ananyimwa, au anapewa kwa riba ya kumchosha. Wenye nyumba za kupangisha nao wanaitazama kabla ya kutoa funguo.

Ripoti inaweza kuwa na makosa. Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani, inayojulikana kama FTC, ilitangaza mwaka 2013 uchunguzi ulioonyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa katika angalau ripoti yake moja. Kwa mkimbizi, mlango wa makosa ni mpana zaidi. Wengi waliingia kambini bila cheti cha kuzaliwa na wakaandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku yao ya kuzaliwa. Jina la babu linawekwa mara mwanzoni, mara mwisho, na herufi zinabadilika kati ya karatasi moja na nyingine. Watu wawili wenye majina yanayofanana na tarehe ileile ya kuzaliwa wanaweza kujikuta ndani ya daftari moja.

Ndivyo ilivyomtokea dada yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 alitaka kuhamisha familia katika nyumba yenye vyumba vitatu. Mwenye nyumba alitazama kredi yake na kumkatalia. Alama zilikuwa 540.

Mambo manne katika ripoti

Ripoti yake ilikuwa na alama nne mbaya, na kila moja ilikuwa na asili yake.

La kwanza lilikuwa deni la hospitali la dola 412, la siku mtoto alipovunjika mkono. Fakture ilitumwa katika nyumba waliyokuwa wamehama. Hospitali iliuza deni kwa kampuni ya kukusanya madeni, nayo ikaliandika.

La pili lilikuwa kadi ya mkopo iliyofunguliwa Texas mwaka 2015, yenye deni la dola 1,870. Dada hajawahi kukaa Texas. Mwaka 2015 alikuwa bado Nyarugusu, akipanga foleni ya kupokea unga na maharagwe.

La tatu lilikuwa gari. Alilinunua kwa mkopo, kisha mwezi wa tatu mwaka 2022 alikosa kazi na kuanza kukosa kulipa. Gari lilichukuliwa na kuuzwa kwa mnada. Bei ya mnada haikufikia deni, zikabaki dola 5,200. Hilo ni la kweli, na yeye mwenyewe halikatai.

La nne lilikuwa deni la tiketi ya ndege. Mkimbizi anayepelekwa Marekani hapewi tiketi bure. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, OIM, linamkopesha nauli bila riba, na anaanza kuilipa miezi michache baada ya kufika. Wengi hawajui kwamba malipo hayo nayo yanaweza kuandikwa katika ripoti ya kredi. Dada alilipa karibu yote vizuri na kumaliza mwaka 2021, lakini mwaka 2019, alipohama nyumba, miezi miwili ilimpita bila fakture. Ucheleweshaji huo ulikuwa wa kweli pia.

Ukiyatazama mambo hayo manne, mawili hayakupaswa kuwapo na mawili ni ya kweli. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari hii yote, na ndiyo ambayo muuzaji hakutaka aione.

“Tunafuta kila kitu kwa siku 60”

Mtu aliyemletea dawa hakuwa mgeni kwake. Alikuwa Mcongo mwenzake, anayesema Kiswahili, waliyekutana naye katika ibada. Alimpigia simu akimwita “mama”, akamwambia kwamba anafanya kazi na kampuni yenye “maavoka wakubwa” ambao wanajua siri za kampuni zile tatu. Ahadi yake ilikuwa fupi: kila doa litafutwa kwa siku 60, garanti. Bei ilikuwa dola 149 za kufungua faili, kisha dola 99 kila mwezi hadi kazi iishe.

Alimwambia pia asiongee tena na wale wanaomdai, wala asiandike kwa kampuni za ripoti, kwa sababu “utavuruga kazi ya avoka”. Kontra ilikuja kwa simu, kwa Kiingereza, kurasa kumi na moja, na mahali pa kugusa kwa kidole ili kusaini. Aligusa. Dakika ileile dola 149 zilitoka katika akaunti yake.

Hapo sheria ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Tangu mwaka 1996 Marekani ina sheria maalum kuhusu kampuni za kusafisha kredi. Inakataza kampuni kuchukua pesa kabla ya kumaliza kazi iliyoahidi. Inalazimisha kontra ya maandishi inayoeleza kazi, bei na muda. Kabla ya kusaini, mteja lazima apewe karatasi ya peke yake inayomwambia kwamba anaweza kupinga makosa mwenyewe, na kwamba habari ya kweli haiwezi kuondolewa na mtu yeyote kabla ya wakati wake. Inampa siku 3 za kazi za kuvunja kontra bila kulipa kitu. Kontra isiyofuata sheria hiyo haina nguvu.

Kwa huduma zinazouzwa kwa simu, masharti ni makali zaidi. Kampuni haitakiwi kudai malipo mpaka ionyeshe ripoti mpya yenye matokeo yaliyoahidiwa, tena ripoti iliyotolewa zaidi ya miezi sita baada ya matokeo hayo kupatikana. Kwa nini miezi sita? Jibu liko katika yaliyofuata kwa dada.

Doa linaondoka, doa linarudi

Kampuni ilituma barua tatu, moja kwa kila daftari. Baadaye dada alipata kopi zake. Zote zilikuwa na maneno yaleyale: akaunti hizi nne si zangu, zifuteni. Hakukuwa na maelezo, hakukuwa na karatasi ya ushahidi, na moja ilikuwa imekosea herufi za jina lake.

Chini ya sheria ya ripoti za kredi ya mwaka 1970, kampuni inayopokea pingamizi ina kawaida ya siku 30 za kuchunguza. Inamuuliza aliyeleta habari: je, deni hili ni la kweli? Asipojibu kwa wakati, habari inaondolewa. Ndilo tundu ambalo wasafisha kredi wengi wanalitumia. Wanapinga kila kitu, kiwe kweli kiwe uongo, wakitumaini kwamba banki fulani itachelewa kujibu.

Mwezi wa nne 2024 kadi ya Texas na deni la gari vilitoweka katika ripoti mbili. Alama zikapanda hadi 598. Muuzaji alimtumia picha ya ripoti pamoja na maua na maneno “Mungu ni mwema”. Dada alifurahi, akaendelea kulipa dola 99.

Mwezi wa saba vyote vilikuwa vimerudi. Waliomdai walijibu kwa kuchelewa na kuthibitisha deni, na sheria inaruhusu habari iliyothibitishwa kurudishwa, mradi mwenye ripoti aarifiwe kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi. Barua za kumwarifu zilikuwa zimefika, lakini yeye alikuwa ameambiwa asijisumbue kufungua barua. Alama zilikuwa 548. Ndiyo maana ya ile miezi sita: mtunga sheria alitaka mteja alipe kwa doa lililoondoka kweli, siyo lililojificha kwa wiki chache.

Kulikuwa na hatari nyingine ambayo hakuiona. Kampuni ilipinga akaunti nzima ya tiketi ya ndege, si ile miezi miwili tu. Akaunti hiyo ndiyo ilikuwa kongwe kuliko zote alizonazo, yenye miaka mitatu na zaidi ya malipo, karibu yote mazuri. Kama ingefutwa, angepoteza shahidi wake bora.

Dada alipolalamika, muuzaji alikuja na dawa ya pili: kwa dola 700 angempatia namba mpya yenye tarakimu tisa, aitumie mahali pa namba yake ya usalama wa jamii anapoomba mkopo. Aliita namba hiyo CPN, na kusema ni halali kabisa. Si halali. Namba za namna hiyo mara nyingi ni za watu wengine, hasa watoto, wazee au wafungwa, zilizoibwa. Anayeiandika katika ombi la mkopo anatoa habari ya uongo kwa banki, na hilo ni kosa la jinai. Kwa mtu ambaye si raia bado, kesi ya udanganyifu inaweza kugusa hata karatasi zake za ukaazi.

Hapo aliogopa. Alifunga akaunti iliyokuwa ikikatwa pesa. Hesabu yake ilikuwa: dola 149, pamoja na dola 99 mara nane, jumla 941.

Hata zilizo kubwa zimeanguka

Mtu anaweza kufikiri kwamba shida ni vijikampuni vya vichochoroni. Sivyo. Lexington Law na CreditRepair.com zilikuwa kati ya majina makubwa kabisa ya kazi hiyo Marekani. Ofisi ya serikali ya kulinda watumiaji wa huduma za pesa, CFPB, ilizishitaki, na mwezi wa tatu 2023 jaji aliamua kwamba zilikuwa zikidai malipo kabla ya wakati unaoruhusiwa kwa huduma zilizouzwa kwa simu. Mwezi wa nane mwaka huohuo ulifikiwa mwafaka wa hukumu ya zaidi ya dola bilioni 2.7, na zikakatazwa kuuza kusafisha kredi kwa simu kwa miaka 10. Kwa kuwa zilikuwa zimefilisika, mwezi wa kumi na mbili 2024 ofisi hiyo ilitangaza kuwalipa watu milioni 4.3 waliotozwa kinyume cha sheria dola bilioni 1.8 kutoka katika mfuko wa wahanga.

Barua mbili zilizofanya kazi

Aliyemtoa dada katika shimo ni mshauri wa wakimbizi katika mji huohuo, naye Mcongo, ambaye kazi yake ni kusaidia familia kusoma barua na fakture. Hakumtoza kitu. Jambo la kwanza alilomwambia ni kuacha kutazama alama na kusoma ripoti yenyewe, mstari kwa mstari.

Ripoti hizo hazinunuliwi. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bure, na kampuni zote tatu sasa zinaitoa kila wiki kwa njia ya mtandao. Mahali ni pamoja tu: AnnualCreditReport.com. Asiye na mtandao anaweza kupiga 1-877-322-8228 na kutumiwa kwa posta. Ukurasa wowote unaoomba namba ya kadi ya banki kabla ya kuonyesha ripoti siyo huo.

Kisha walichukua karatasi nyeupe na kuigawa sehemu mbili: ya uongo upande mmoja, ya kweli upande wa pili.

Kwa kadi ya Texas, waliandika barua fupi. Walitaja namba ya akaunti na tarehe iliyofunguliwa, wakaeleza kwamba wakati huo yeye hakuwa Marekani. Waliambatanisha kopi ya I-94, karatasi ya kuingia nchini, inayoonyesha mwaka 2017, pamoja na kopi ya kitambulisho na fakture ya umeme yenye anwani yake. Barua kama hiyo walipelekea pia banki yenye kadi. Zote zilikwenda kwa rekomande, ili ibaki risiti ya siku zilizopokelewa. Karatasi asili hazikutoka nyumbani. Ndani ya mwezi mmoja akaunti iliondolewa katika ripoti zote tatu, na haijarudi. Akaunti ileile, pingamizi lilelile, lakini safari hii lilikuwa na ushahidi ambao banki haikuweza kuujibu.

Kwa deni la hospitali, walitumia kanuni ambayo kampuni tatu zenyewe zilijiwekea. Tangu mwaka 2022 deni la hospitali lililokwisha kulipwa halikai tena katika ripoti, na tangu mwezi wa nne 2023 madeni ya hospitali yaliyoanza chini ya dola 500 yaliondolewa. La dada lilikuwa 412. Kwa nini lilibaki? Kwa sababu kampuni ya kukusanya madeni ililiandika kama deni la kawaida, bila kusema ni la matibabu. Mshauri alimwomba aende hospitalini kuchukua fakture ya mwanzo, yenye jina la hospitali na kiasi. Fakture hiyo ilitumwa pamoja na barua ya mistari minne. Lilifutwa. Hilo halimaanishi kwamba hospitali imemsamehe; bado anadaiwa, na analipa kidogo kidogo. Lakini limetoka katika kredi.

Gharama ya kazi hiyo yote ilikuwa stampu za posta, kopi, na asubuhi mbili za usingizi baada ya zamu ya usiku.

Ya kweli yanahitaji muda

Upande wa pili wa karatasi haukuwa na barua. “Hapa nilimwambia ukweli ambao hakupenda kuusikia,” mshauri alitueleza. “Hakuna avoka, hakuna kampuni, hakuna maombi yatakayofuta gari lile leo. Alilichukua, hakulipa, imeandikwa.”

Sheria inaweka mwisho wake. Habari mbaya ya kweli inakaa karibu miaka 7, ikihesabiwa tangu mtu alipoanza kukosa kulipa na hakurudi tena. Kufilisika kwa njia ya mahakama kunaweza kukaa hadi miaka 10. Kwa gari la dada, mwisho ni mwaka 2029. Miezi miwili ya tiketi ya ndege mwisho wake ni 2026. Hakuna haja ya kumlipa mtu. Muda ukifika vinaondolewa, na visipoondolewa, hapo barua ya kupinga ina nguvu. Na kadiri miaka inavyopita, uzito wa doa la zamani katika alama unapungua.

Kulipa deni la gari hakuongezi ile miaka 7 ya ripoti. Lakini mshauri alimwonya juu ya jambo moja: katika majimbo kadhaa, kulipa sehemu ya deni la zamani kunaweza kuanzisha upya muda ambao mdai anaruhusiwa kumshitaki mahakamani. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola moja, alimtaka anayedai amwandikie kiasi kamili, masharti, na kwamba baada ya malipo ya mwisho ataandika deni limekwisha. Walikubaliana dola 100 kwa mwezi. Kwa mwenye madeni mengi kuliko yake, kuna mashirika ya ushauri wa madeni yasiyotafuta faida, mengi yakiwa wanachama wa NFCC, ambayo yanatazama mapato na matumizi yote, na yanaweza kupanga na wadai malipo ya miaka mitatu hadi mitano. Mazungumzo ya kwanza mara nyingi ni bure, na ada ya mwezi, kama ipo, inatajwa kabla.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuandika habari mpya nzuri juu ya zile za zamani. Dada alifungua kadi ya mkopo yenye dhamana: aliweka dola 200 katika banki, naye akapewa kadi yenye kikomo cha dola 200. Anainunulia kadi ya simu na mkate tu, haipitishi dola 30 au 40, na kila mwezi anailipa yote kabla ya tarehe. Kila mwezi huo unaandikwa katika daftari tatu kwamba amelipa. Alipotusomea ripoti yake ya mwisho, alama zilikuwa 631. Si nyingi, lakini hazikushuka tena, na mwenye nyumba mwingine alimkubali.

Jinsi ya kumtambua muuzaji wa sabuni

Tulimuuliza dada angemwambia nini jirani anayepigiwa simu kama yeye. Alitaja dalili nne, zote alizoziona na kuzipuuza: anayetaka pesa kabla ya kazi; anayetoa garanti ya kufuta kila kitu bila kuuliza kipi ni kweli; anayekukataza kuzungumza na kampuni za ripoti au wanaokudai; na anayekupa namba mpya au kukuambia uandike kwamba umeibiwa kitambulisho wakati hukuibiwa. Hiyo ya mwisho ikifanyika, aliyedanganya mbele ya sheria ni wewe uliyesaini.

Aliyekwisha kulipa anaweza kutoa taarifa FTC kwa ReportFraud.ftc.gov, na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lake. Dada ametoa taarifa kote kuwili na kudai pesa zake kwa maandishi. Mpaka tunapoandika, hajarudishiwa. Yule ndugu wa ibada amebadilisha namba ya simu.

Hapa Lubumbashi, mdogo wake alilipa minervali kwa kuchelewa, nusu kwa kuuza telefone yake. Wiki iliyopita yaya yake alimpigia tena. Safari hii hakumwambia avumilie. Alimsomea barua moja kutoka kwa kampuni ya ripoti, akimtafsiria neno kwa neno: akaunti imeondolewa. Kijana alimuuliza aliilipa shilingi ngapi. Alicheka kwa lile neno la kambini, “shilingi”, ambalo mdogo wake alilijifunza kwake. “Stampu tu,” alimjibu. “Na karatasi inayosema siku niliyofika.”